Sifuri ziende mwisho wa safu: kuandika juu, kubadilishana au kupanga?

"Kaka, mashine yako inasema ndoo 154. Daftari langu linasema 102."

Dada aliyekuwa karani wa mwalo alinipigia saa moja na nusu asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imesharudi yote. Nilitoka Igoma hadi Kirumba, jijini Mwanza, nikijiuliza ndoo 52 zimetoka wapi. Nilipofika nikakuta kosa ni langu na liko katika mistari minne ya msimbo, ile inayosukuma sifuri mwisho wa safu. Tangu siku hiyo nimeijaribu kazi hii kwa kila njia niliyoijua, na nataka kuziweka njia hizo bega kwa bega ili mwenzangu anayechagua ajue anachagua nini.

Swali la asili ni la mazoezi ya darasani: sukuma sifuri zote mwisho wa safu, vilivyobaki vibaki na mpangilio wao, bila safu ya pembeni. Kwangu kazi yenyewe ni hii. Kila mtumbwi unapotia nanga, karani anabonyeza namba ya mtumbwi na ndoo ulizoleta. Uliorudi mtupu unaandikwa sifuri, na sifuri hiyo haifutwi, kwa sababu tajiri mwenye mitumbwi anataka kujua ni nani alichoma mafuta usiku kucha na hakuleta kitu. Lakini wanunuzi wanaosimama mbele ya kioo cha kifaa changu wanataka kuona wenye dagaa kwanza, na kwa mpangilio uleule waliofika nao, maana aliyefika kwanza ndiye anayeuza kwanza. Kwa hiyo sifuri ziende chini, na wengine wasirukane.

Sharti la pili ni kwamba kazi ifanyike ndani ya safu ileile, bila safu ya pembeni. Kifaa changu ni Arduino Uno. Kina baiti 2,048 tu za RAM, na kioo kidogo cha nukta 128 kwa 64 kinachukua 1,024 kati ya hizo kwa ajili ya picha yake. Kinachobaki hakiruhusu anasa. Orodha yenyewe naiweka kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na hapo kila kuandika kuna gharama. Nitalirudia hilo.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ndio wa asubuhi ile, mitumbwi minane:

```
[18, 0, 0, 25, 7, 0, 40, 12]
```

Nahesabu nafasi kuanzia 1 kama karani anavyohesabu, ingawa msimbo unaanzia 0. Mitumbwi ya 2, ya 3 na ya 6 ilirudi mitupu. Jumla ni ndoo 102.

Kuandika juu, kisha kujaza

Njia ya kwanza ndiyo inayokuja kichwani haraka. Unakuwa na alama mbili. Moja, `soma`, inapita kila nafasi. Nyingine, `weka`, inaonyesha pale ambapo namba isiyo sifuri itaandikwa. Ukikutana na namba, unainakili kwenye `weka` na kusogeza `weka` mbele hatua moja. Ukifika mwisho, unajaza sifuri kuanzia `weka` hadi ukingoni.

```c
int weka = 0;
for (int soma = 0; soma < n; soma++)
    if (a[soma] != 0) a[weka++] = a[soma];
while (weka < n) a[weka++] = 0;
```

Kwa sababu `weka` haiwezi kuitangulia `soma`, huwezi kufunika namba ambayo hujaisoma bado. Mpangilio unabaki, na safu inapitiwa mara moja, halafu mkia wake mara ya pili.

Sasa tazama safu ilivyo mara tu kitanzi cha kwanza kinapoisha, kabla ya kujaza:

```
[18, 25, 7, 40, 12, 0, 40, 12]
```

Namba tano za mwanzo ziko sawa. Lakini 40 na 12 bado zipo mkiani vilevile, kwa sababu zilinakiliwa, hazikuhamishwa. Jumla ya mstari huu ni 154. Ndizo ndoo 52 za dada wa Kirumba: 40 na 12 zilizohesabiwa mara mbili. Mimi nilikuwa nimeuandika mstari wa kujaza, ila aliyechomoa chaja kuchajia simu yake aliikata kazi katikati, na kifaa kilipowaka tena kilisoma EEPROM kama ilivyoachwa. Ukiona safu yako ina namba zote sahihi mbele na jumla imepanda, usitafute mbali. Ama mstari wa kujaza umesahaulika, ama haukufikiwa.

Kubadilishana

Njia ya pili inatumia alama zilezile mbili, lakini namba inapohama, sifuri inachukua nafasi yake hapohapo.

```c
int weka = 0;
for (int soma = 0; soma < n; soma++) {
    if (a[soma] == 0) continue;
    if (soma != weka) {
        a[weka] = a[soma];
        a[soma] = 0;
    }
    weka++;
}
```

Wengine huandika hapa kubadilishana kamili kwa kigezo cha tatu cha kushikia. Hakihitajiki, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa ndiyo inayobeba njia nzima. Wakati wowote kitanzi kinapozunguka, vilivyo kabla ya `weka` vyote si sifuri na vimeshapangwa. Na vilivyo kati ya `weka` na `soma` vyote ni sifuri. Kwa hiyo `soma` ikiwa mbele ya `weka`, kilichopo kwenye `weka` ni sifuri tu, hakiwezi kuwa kingine. Tunajua tutakachorudisha bila kukishika.

Safu yetu inapita hivi:

```
[18, 0, 0, 25, 7, 0, 40, 12]
[18, 25, 0, 0, 7, 0, 40, 12]
[18, 25, 7, 0, 0, 0, 40, 12]
[18, 25, 7, 40, 0, 0, 0, 12]
[18, 25, 7, 40, 12, 0, 0, 0]
```

Jumlisha mstari wowote, utapata 102. Umeme ukikatika kati ya hatua mbili, orodha ni halali, imepangwa nusu tu. Ukikatika katikati ya hatua yenyewe, baada ya 40 kuandikwa mbele na kabla haijafutwa nyuma, unabaki na mtumbwi mmoja tu uliojirudia. Njia ya kwanza inaweza kuacha mingi kwa mpigo. Kwa kifaa kinachochomolewa hovyo, tofauti hiyo kwangu ni kubwa kuliko kasi.

Ipi inaandika mara chache?

Kwenye RAM, kwa mitumbwi 200, hutahisi tofauti yoyote, usipoteze usingizi. Kwenye EEPROM ya Uno kila kuandika baiti moja kunachukua takriban milisekunde 3.3, na mtengenezaji anadhamini kila baiti kwa mara 100,000 za kuandikwa. Hapo kuhesabu kuna maana.

Njia ya kwanza kama ilivyo hapo juu inaandika kila nafasi mara moja, iwe ilikuwa imeshapangwa au la. Mitumbwi 200, maandiko 200. Njia ya pili inaandika mara mbili kwa kila namba iliyohama, na namba inayohama ni ile iliyo baada ya sifuri ya kwanza. Kwa hiyo jibu linategemea sifuri ni ngapi, na idadi ya sifuri ziwani inategemea mwezi.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola nyingi. Wakati wa giza taa inawavuta na karibu kila mtumbwi unarudi na kitu. Wakati wa mbalamwezi taa inapoteza nguvu yake, wengi hawatoki, na waliotoka wengi wao wanarudi watupu. Chukua orodha ya mitumbwi 200 iliyopangwa mara moja asubuhi. Usiku wa giza una sifuri 4, ya kwanza ikiwa nafasi ya 10. Usiku wa mbalamwezi una mitumbwi 10 tu yenye dagaa, wote wakiwa wamefika baada ya sifuri ya kwanza.

| Njia | Mfano wa 8 | Giza, 200 | Mbalamwezi, 200 |
|---|---|---|---|
| Kuandika juu na kujaza | 8 | 200 | 200 |
| Kubadilishana | 8 | 374 | 20 |
| Kuandika juu kwa kuangalia kwanza | 6 | isiyozidi 191 | isiyozidi 20 |

Ile 374 inatoka hapa: wenye dagaa ni 196, tisa wako kabla ya sifuri ya kwanza na hawahami, 187 wanahama, na kila mmoja ni maandiko mawili. Ni kama sekunde 1.2 za kungoja, dhidi ya sekunde 0.66 za njia ya kwanza. Usiku wa mbalamwezi mambo yanageuka, kubadilishana kunamaliza kazi ndani ya milisekunde 66.

Mstari wa tatu ndio ulionishangaza. Ni njia ya kwanza ileile, ila kabla ya kuandika unasoma kilichopo, na kama ni kilekile unaacha. Kwenye Arduino huhitaji hata kuibuni, ni kutumia `EEPROM.update` badala ya `EEPROM.write`. Kwa nini inashinda? Kwa sababu katika kuandika juu, kila nafasi inapewa thamani yake ya mwisho moja kwa moja. Haiguswi mara mbili. Katika kubadilishana, nafasi ya 4 ya mfano wetu ilikuwa na 25, ikaandikwa sifuri, halafu ikaandikwa 40. Nafasi ya 5 nayo ilikuwa 7, ikawa sifuri, ikawa 12. Hayo maandiko mawili ya njiani ndiyo tofauti kati ya 8 na 6. Ukilinganisha safu ya mwanzo na ya mwisho utaona nafasi sita tu ndizo zilizobadilika, na hakuna njia inayoweza kuandika pungufu ya hapo. Kama unachojali ni idadi ya maandiko tu, hii ndiyo yako, usiku wa giza na wa mbalamwezi.

Toleo langu la kwanza kabisa lilikuwa halina ukaguzi huo, na lilipanga upya orodha nzima kila karani alipobonyeza. Mabonyezo 200 kwa usiku ni kila baiti kuandikwa hadi mara 200. Gawanya 100,000 kwa 200, unapata siku 500. Chini ya mwaka mmoja na nusu, kwa kazi ambayo mara nyingi ilikuwa inaandika namba ileile juu ya namba ileile.

Namba zinapokuwa na wenyewe

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba sifuri zote ni moja. Katika mazoezi ya darasani ni kweli. Mwaloni si kweli, kila sifuri ni mtumbwi wa mtu. Nina safu ya pili ya namba za mitumbwi, 1 hadi 8 katika mfano wetu, na lazima isogee pamoja na ya ndoo.

Jaribu kuandika juu safu zote mbili kwa pamoja. Ndoo zinatoka vizuri. Namba za mitumbwi zinatoka hivi:

```
[1, 4, 5, 7, 8, 6, 7, 8]
```

Wenye dagaa ni 1, 4, 5, 7 na 8, sawa. Lakini waliorudi watupu wanaonekana kuwa 6, 7 na 8. Mtumbwi wa 2 na wa 3 wamepotea kabisa, na wa 7 ulioleta ndoo 40 unaonekana pia kwenye orodha ya watupu. Jumla ya ndoo ni 102, kwa hiyo ukaguzi wa jumla hautakuambia chochote. Kosa hili linajificha. Njia pekee ya kulikamata ni kuhakikisha kila namba ya mtumbwi ipo mara moja tu. Kujaza sifuri kunafaa tu pale ambapo sifuri haina cha kupoteza.

Kubadilishana kunawaokoa wote, mradi upande wa namba za mitumbwi ubadilishane kikamilifu kwa kigezo cha kushikia, kwa kuwa huko kilichopo kwenye `weka` si sifuri tena. Matokeo:

```
[1, 4, 5, 7, 8, 6, 2, 3]
```

Kila mtumbwi upo. Angalia mkia, hata hivyo. Watupu walifika kwa mpangilio wa 2, 3, 6, na sasa wamekaa 6, 2, 3. Kubadilishana kunalinda mpangilio wa wenye dagaa peke yao, na sifuri zinazunguka, kila moja inayochukuliwa mbele ikitupwa nyuma. Swali la asili halikuahidi zaidi ya hapo, maana linasema mpangilio wa vilivyobaki, na sifuri haziwezi kutofautishwa. Ila wewe ukiwa na majina nyuma ya sifuri, jiulize kama mpangilio wao una maana kwa mtu yeyote.

Kupanga kwa ufunguo

Kama una maana, na uko kwenye kompyuta ya kawaida, Python ina jibu la mstari mmoja:

```python
boti.sort(key=lambda b: b.ndoo == 0)
```

Ulinganisho unatoa `False` kwa mwenye dagaa na `True` kwa mtupu, na `False` hutangulia. Upangaji wa Python unahakikisha kwamba vilivyo sawa kwa ufunguo havibadilishani zamu, kwa hiyo wenye dagaa wanabaki 1, 4, 5, 7, 8 na watupu wanabaki 2, 3, 6. Orodha inayobadilika ni ileile, lakini ndani yake Python inachukua kumbukumbu ya ziada kwa funguo na kwa kuunganisha vipande. Kwa maana kali ya "ndani ya safu ileile", haipiti mtihani. Kwenye laptopu yenye rekodi 200, sioni mtu wa kuumizwa na hilo.

Kwenye Uno mpangilio kamili bila kumbukumbu ya ziada unawezekana kwa kusogeza: kila mwenye dagaa anavuka watupu walio mbele yake mmoja mmoja. Katika mfano wetu ni mivuko 10. Lakini kwa mitumbwi 200, mia ya mwanzo ikiwa mitupu na mia ya mwisho ina dagaa, ni 100 mara 100, mivuko 10,000. Hata ukihesabu andiko moja tu kwa kila mvuko, ni sekunde 33 karani ameshika kidole hewani. Niliiacha.

Kuna njia nyingine ambayo wanafunzi wengi wanaanza nayo, ya kung'oa sifuri na kuibandika mwisho:

```python
for i in range(len(a)):
    if a[i] == 0:
        a.pop(i)
        a.append(0)
```

Sishauri. Kwanza inakosea: baada ya `pop`, jirani wa kulia anaingia nafasi ya `i`, na kitanzi kinamruka. Kwa safu yetu inatoa `[18, 0, 25, 7, 40, 12, 0, 0]`, sifuri ya pili kati ya zile zilizofuatana ikiwa imeponyoka. Ukikuta sifuri moja imebaki katikati na data ilikuwa na sifuri mbili zilizoshikana, ndilo kosa hili. Ukienda kinyumenyume kutoka mwisho inapona, ila kila `pop` bado inasogeza vyote vilivyo kulia kwake, na kwa safu ya 10,000 yenye nusu sifuri zilizotawanyika hayo ni masogezo kama milioni 25.

Na ukiwa Python, andika `x == 0`, usiandike `not x`. Mtumbwi ambao haujarudi mimi nauweka `None`, na `not x` ingeutupa kwenye kundi la waliorudi watupu. Mke wa mvuvi akisoma hivyo wakati mumewe bado yuko majini, ni kosa zito.

Nilichokiweka kwenye kifaa

Kama kifaa changu kingekuwa na ndoo peke yake, ningechagua kuandika juu kwa `EEPROM.update`, pamoja na alama moja ya kuonyesha kazi imekamilika, ili kikizimwa katikati kisiamini kilichopo. Kwa kuwa kina namba za mitumbwi, nimechagua kubadilishana. Na sisubiri asubuhi. Orodha ikiwa imeshapangwa, mtumbwi mpya wenye dagaa unabadilishana na mtupu wa kwanza basi, nafasi mbili katika safu mbili, maandiko manne, milisekunde 13. Mtumbwi mpya mtupu haubadilishani na mtu, unaandikwa ulipo.

Mkia wa 6, 2, 3 niliuacha hivyo kwenye kioo, kwa sababu hakuna mnunuzi anayeusoma. Tajiri anayetaka kujua nani alirudi mtupu mapema anapata ripoti ya laptopu, ambako kila rekodi ina saa yake ya kufika, na watupu wanapangwa kwa saa hiyo.